Zibua Mtaro

Shika simu wima, mdogo wangu, nifuate, usikate,
Mtaro wetu Mabatini, kila jirani aupate!
Novemba wingu likitanda juu ya mlima Loleza,
Maji yanashuka mbio, hayana wa kuyabembeleza.
Ona chupa, ona pampasi, maganda ya ndizi,
Yakiziba kalavati, usiku hatupati usingizi.
Maji yanaingia na kinyesi, godoro la mtoto linaloa,
Kipindupindu kikifika, nyumba kwa nyumba kinazoa.
Leta chepe, leta reki, toroli iko kwa balozi,
Tuzibue leo leo, kabla ya mvua na machozi.
Tope usiache ukingoni, mvua italirudisha,
Pakia lote, dampo ndiko tunalifikisha.
Bodaboda, paki hapo, shika mpini, zamu yako,
Mfuniko mzito huu: moja, mbili, weka mkono wako!