Maneno ya Mwalimu Mkuu kwa watahiniwa, jioni ya kuamkia mtihani

Wanangu, keti. Sitawachelewesha.

Nimezipitia karatasi zenu za majaribio. Kusoma mmesoma, hilo sina shaka nalo. Alama zinapotea kwa pupa. Swali liliuliza: "Kipi kati ya hivi SI chanzo cha nishati jadidifu?" Chaguo A likawa jua. Wengi mkaliweka alama hapohapo, mkasonga mbele. Jibu, makaa ya mawe, lilikuwa C, na hamkufika huko.

Mtungaji anayajua makosa yenu kabla hamjayafanya. Mstatili una urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 5, anauliza mzingo. Wewe unazidisha, unapata 40, na hiyo 40 unaikuta imekaa pale A, inakungoja. Mzingo ni 26, ndugu zangu! Namba yako kuwemo kwenye machaguo si ushahidi kwamba umepatia.

Kwa hiyo soma swali mpaka kwenye alama ya kuuliza. Pigia mstari "si", "isipokuwa", "zaidi ya yote". Kisha soma A, B, C na D, hata kama A inakuchekea. Mara nyingine majibu mawili yana ukweli, ila moja tu ndilo linalojibu kilichoulizwa.

Mtasema muda hautoshi. Utatosha, swali gumu liruke, ulirudie, ila angalia usikosee namba kwenye karatasi ya majibu.

Haya, mkalale. Kesho penseli mbili na kifutio, kila mtu na vyake.