Ripoti ya Uthibitishaji wa Mbinu: Upimaji wa Floraidi kwenye Maji kwa Elektrodi

Maabara ya maji, Arusha

Mbinu hii itatumika kwa maji ya bomba na ya visima vya upande wa Maji ya Chai, ambako mlima Meru umewaachia watu floraidi nyingi. Kikomo ni 1.5 mg/L, kwa hiyo kosa dogo hapo laweza kubadili jibu la kisima kizima. Vigezo tulivyojiwekea kabla ya kuanza ni: urejeshaji wa 90–110%, na mkengeuko sanifu usiozidi 5% ya wastani.

Kila sampuli ilichanganywa na bafa ya TISAB kwa ujazo sawa, ikakorogwa na kusomwa kwenye bika ya plastiki. Vioo hatukutumia.

Usahihi. Maji yasiyo na ioni yaliongezewa 0.50, 1.50 na 4.00 mg/L. Tulipata 0.48, 1.52 na 4.06, yaani 96%, 101% na 102%.

Ukaribiano wa matokeo. Sampuli moja ya kisima ilipimwa mara 7 siku moja: wastani 3.84 mg/L, mkengeuko sanifu 0.06, sawa na 1.6%. Kwa siku 3 na wapimaji wawili ulifika 3.4%. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya siku ya pili: viwango vya kulinganishia vilisomwa asubuhi chumba kikiwa na 19°C, sampuli zikasomwa mchana kwenye 26°C, bika zikiwa dirishani juani. Mteremko wa elektrodi hufuata joto. Data hizo hatukuzifuta, ila sasa viwango na sampuli hukaa meza moja kwa saa nzima kabla ya kusomwa.

Urejeshaji. Hapa ndipo tulipokosea. Mara ya kwanza tuliongeza 0.50 mg/L kwenye maji ya kisima hicho hicho, tukapata 78%, 124% na 96%. Mwenzangu alianza kulaumu elektrodi. Elektrodi haikuwa na kosa: ukitoa 3.84 kwenye 4.34, yale makosa ya 0.06 ya kila upande yanakula sehemu kubwa ya hiyo nusu miligramu. Nyongeza lazima ikaribiane na kilichomo tayari.

Tukarudia: mikrolita 200 za myeyusho wa 1000 mg/L kwenye chupa ya mililita 50, ikajazwa kwa sampuli hadi mstari. Nyongeza ikawa 4.00 mg/L.

```
R = (7.67 - 3.84) / 4.00 x 100 = 96%
```

(Sampuli yenyewe imezimuliwa kwa 0.4%, tumeiacha.) Marudio mawili mengine yalitoa 98% na 95%. Maji ya bomba, yenye 1.12 mg/L na nyongeza ya 1.00, yalitoa 97%.

Uamuzi. Mbinu inakubaliwa kwa maji safi ya bomba na visima, kati ya 0.5 na 8 mg/L. Maji yenye tope au yaliyotibiwa kwa shabu hayamo: alumini hushika floraidi, nasi hatujajaribu kama TISAB yetu inaiachisha yote. Sampuli za aina hiyo zisipokelewe kwa mbinu hii mpaka zipitie jaribio lao la nyongeza.