Kifungua Mimba wa Majengo

Nilizaliwa wa kwanza kati ya watoto sita, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kumbeba mdogo wangu mgongoni kwa leso. Baba alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Mama aliuza mahamri na mbaazi mlangoni kwetu Majengo. Kazi ya nyumbani ikitokea, jina lililoitwa ni langu.

Unga tuliukanda usiku, ukalala ukifura. Alfajiri, wadogo wangu wakiwa bado wamelala, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi ya mbaazi. Kifuu unakizungusha taratibu, usifikie ile ngozi nyeusi ya chini, kwani tui likichafuka mbaazi hazina sura na wateja wa mama wanapita kwa jirani. Tui zito kando, tui jepesi sufuriani. Mikono ilininukia nazi mpaka darasani. Mfereji ukikauka, jambo la kawaida Mombasa, kulikuwa na kupanga foleni na mitungi ya lita 20 pia.

Hayo niliyaweza. Kilichonielemea ni kauli ya baba: "Wewe ukipita, hawa wote wamepita." Alisema kwa mapenzi, akinishika kichwa. Mwaka 2003 karo ya msingi ilipofutwa, wadogo zangu waliingia shule bila wasiwasi, lakini sekondari ilikuwa bado ya kulipiwa, na mimi ndiye niliyekuwa naielekea. Nikawa nafanya hesabu za mtihani huku nikipiga hesabu za karo ya watu wengine.

Nilipita. Nikaitwa shule ya bweni, bara. Baba akafurahi, mama akanyamaza, kisha akauliza: "Na hawa nitabaki nao na nani?" Nikasoma kutwa, hapahapa mjini. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba matumaini yao na kazi zao vilikuwa vikigombania saa zangu zilezile. Walitaka niwe daktari, na walitaka vyombo viwe vimeoshwa kabla ya magharibi. Hakuna aliyekaa na mimi akaniuliza kipi kitangulie.

Mama simlaumu. Yeye pia ni kifungua mimba, aliyeacha shule kule Kwale akiwa darasa la nne ili alee ndugu zake. Alinipa alichopewa.

Sikuwa daktari. Nauza dawa dukani, na mshahara wangu umelipa karo za wawili. Nawapenda wote, na najivunia kila cheti chao. Lakini mwezi uliopita mama alipopiga simu kuhusu dawa zake za presha, mdogo wangu anayenifuata alidakia: "Mama, mwache dada. Hizi ni zangu." Nilimshukuru sana, nikamwambia na za mwezi ujao azichukue yeye, na tangu hapo tumeandikiana zamu sote sita, pamoja na kitinda mimba ambaye hajawahi kuombwa hata shilingi.

Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa. Sahani yake anaosha yeye, na ya mdogo wake inaoshwa na mdogo wake.