Kitanda cha 7: ripoti ya usiku, imeandikwa upya

Wodi ya upasuaji ya wanaume, Mombasa. Imeandikwa 07:10 na sista wa zamu ya asubuhi. Ikae juu ya faili, mbele ya chati ya dawa.

Wenzangu wa asubuhi, na wewe dada uliyetoka usiku: ripoti ya kwanza naiacha humu kama ilivyo. Ulikuwa na wagonjwa 31 na msaidizi mmoja, na karibu kila ninachokihitaji umekiandika. Nilichofanya ni kwenda kitandani, kumpima tena mzee, kisha kupanga maneno upya ili daktari asikie la haraka kwanza.

Ripoti ya kwanza:

"Kitanda cha 7, mzee wa kidonda cha mguu, siku ya pili tangu thieta. Usiku alilalamika maumivu, akapewa sindano. Homa ilikuwepo kidogo. Presha ya saa 6 ni 108/64. Alfajiri ametulia, amelala vizuri. Dripu inaendelea. Mkojo upo kwenye mfuko. Sukari iko juu, daktari ajulishwe raundi. Homa ikiendelea aanzishiwe ogumentini kama ilivyoagizwa jana. Bendeji imelowa, ibadilishwe. Shuka zimepungua. Mkewe alisema jana jioni aliwahi kuvimba midomo kwa sindano ya penisilini."

Kwanza saa. "Saa 6" hapo juu ni saa sita usiku, nimehakikisha kwenye chati. Mimi niliposoma nilidhani ni 06:00, nikaona presha ya alfajiri si mbaya. Kumbe tangu usiku wa manane hakuna presha nyingine iliyopimwa. Kuanzia hapa saa zote ni za chati: 00:00 ni saa sita usiku, 07:00 ni saa moja asubuhi.

HALI ILIVYO SASA

Mgonjwa wa kitanda cha 7, mwanamume wa miaka 61, hali inashuka haraka. Nashuku maambukizi ya mguu yameingia kwenye damu.

Vipimo vya 07:00, kabla ya oksijeni: joto 38.9, mapigo ya moyo 118, presha 96/58, pumzi 26 kwa dakika, oksijeni 93%. Anafumbua macho akiitwa, kisha anasinzia tena. Nilimuuliza yuko wapi, akasema yuko Kongowea anashusha magunia. Jana jioni alikuwa anaongea vizuri na kumtaja kila mjukuu kwa jina. Kwa hiyo huku "kulala vizuri" ni fahamu kupungua, na tuchukulie hivyo.

ANA MZIO WA PENISILINI. Ogumentini ina amoksisilini, ambayo ni jamii hiyo hiyo. ASIPEWE. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye chati ya dawa na kumfunga bangili nyekundu.

USULI

Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 12, na presha. Ni mchukuzi sokoni Kongowea. Alikanyaga msumari kama wiki tatu zilizopita, asihisi kitu kwa sababu nyayo zimekufa ganzi. Nyumbani Kisauni walimwosha kwa maji moto ya chumvi mpaka mguu ulipoanza kunuka. Amelazwa siku tatu. Juzi alipelekwa thieta chini ya nusu kaputi, akakatwa nyama iliyokufa kwenye wayo wa kulia. Uzito kilo 70.

Dawa: seftriaksoni 2 g mara moja kwa siku, aliyoipokea siku zote tatu bila vipele wala uvimbe, na metronidazoli 500 mg kila saa 8. Insulini anapewa kufuatana na sukari. Metformini ilisimamishwa siku ya kulazwa. Sindano ya maumivu ya 02:00 ilikuwa diklofenaki 75 mg. Enalaprili 10 mg ilitakiwa 08:00. Nimeizuia.

Kreatinini ilikuwa 112 alipoingia, jana 168.

Habari ya mzio ilitoka kwa mkewe wakati wa kutazama wagonjwa na haimo popote kwenye faili. Nimempigia simu dakika chache zilizopita. Anasema ilitokea zahanati, midomo na macho yakavimba ndani ya nusu saa, pumzi ikabana, akachomwa sindano akapata nafuu.

TATHMINI

Alama za NEWS2 saa sita usiku zilikuwa 6. Sasa ni 13. Kuanzia 7 daktari huitwa mara moja, na hata zile 6 zilistahili simu.

Mkojo "upo", ila ni kiasi gani? Kuanzia 00:00 hadi 06:00 ni mililita 90, wa rangi ya chai. Mtu wa kilo 70 tunamtarajia atoe angalau mililita 35 kwa saa, yaani 210 kwa saa hizo sita. Mpira haujapinda wala kuziba, nimekagua. Figo zinaumia: presha imeshuka, kreatinini inapanda, na juu yake diklofenaki.

Nimefungua bendeji. Usaha umerudi na harufu kali, na wekundu umevuka mstari wa kalamu wa jana kwa sentimita 4 kuelekea kifundo. Nilipobonyeza ngozi sikusikia kukwaruza kwa hewa. Sukari ya 06:30 ni 18.4. Ketoni hazijapimwa. Dripu ya mkono wa kushoto ilikuwa imevimba na maji hayaingii mshipani, sijui tangu lini. Nimeitoa.

Naona chanzo ni mguu, na dawa na maji ya dripu peke yake havitatosha kama usaha haujatolewa.

MAPENDEKEZO

Daktari, naomba uje umwone sasa hivi, usisubiri raundi ya 09:00.

Nimeshaweka oksijeni lita 2 kwa pua na dripu mbili mpya, moja kila mkono. Damu ya kuoteshwa vijidudu nitatoa chupa mbili kabla ya antibiotiki mpya, pamoja na laktati, picha ya damu, figo na chumvi za mwili. Ketoni napima kwa mkojo uliopo.

Naomba uamue haya: ringa kwa kasi (kwa mililita 30 kwa kilo, ni 2,100 ndani ya saa tatu, nikipima presha na kusikiliza mapafu kila dakika 15), antibiotiki pana isiyo ya penisilini, insulini ya mshipani au la, na kufuta diklofenaki. Mpasuaji aarifiwe kuhusu kurudi thieta leo. Asile kitu mpaka aseme. Wodi ya mahututi iulizwe kitanda.

Simu imepigwa 07:14. Daktari wa zamu amenirudishia maneno yote, pamoja na mzio na ogumentini iliyofutwa. Ameagiza mililita 500 za kwanza ziingie kwa dakika 15. Zimeanza 07:18. Amefika kitandani 07:26.

Saa 07:35: presha 102/60, pumzi 24, oksijeni 96%. Chupa mbili za damu zimekwenda maabara. Ketoni hakuna. Mpasuaji anakuja. Mkewe yuko njiani kutoka Kisauni. Mlinzi wa getini amwachie aingie hata kama si saa ya kutazama wagonjwa, kwa sababu fomu ya thieta inahitaji sahihi, na mzee hawezi kuitia mwenyewe.