Maneno ya biashara mwaka wa kwanza, ya shangazi

Shikamoo shangazi. Haya ndo maneno yaliyokukwaza wiki ile, mifano yote nimeitoa kwenye banda lako la samaki pale Ngamiani, hesabu unazijua sema chuoni wanaziita majina mengine.

Mtaji: ulichoingiza mwenyewe kuanzisha, ikiwemo ile hela ya kijumbe. Na lile friza pia, hata kama hukumlipa mtu kulitoa nyumbani.

Gharama zinazobadilika: zinapanda ukikaanga vingi. Vipande 40 vinakula samaki wa 60,000, mafuta 10,000, mkaa 6,000. Jumla 76,000, yani kila kipande 1,900.

Gharama zisizobadilika: kodi ya banda 90,000 na mlinzi 30,000 kwa mwezi. Mvua inyeshe, samaki wakosekane, unalipa tu.

Mauzo: vipande 40 mara 2,500 ni 100,000. Hii sio faida! Hapa ndo wengi tunajidanganya, tunaona droo imejaa tunanunua kanga.

Faida ghafi: mauzo toa zile gharama zinazobadilika, 24,000 kwa siku. Ukifanya siku 26 ni 624,000.

Breki-iveni: pale ambapo hupati wala hupotezi. Kila kipande kinakuachia 600, sasa 120,000 za kodi na mlinzi gawanya kwa 600 unapata vipande 200, yani siku 5 za mwanzo wa mwezi unamkaangia mwenye banda na mlinzi, siku ya 6 ndo unaanza kujikaangia mwenyewe. Swali hili lazima litoke kwenye mtihani, lifanye mpaka likutoke bila daftari.

Uchakavu: friza la 900,000 likikaa miaka 5 linapungua 180,000 kwa mwaka, 15,000 kwa mwezi. Hela haitoki mfukoni ila unaiandika kama gharama.

Faida halisi: 624,000 toa 120,000 toa 15,000, inabaki 489,000. Na hapo shangazi hujajilipa hata senti, hela unayojilipa kama mwenye biashara chuoni haihesabiwi gharama, ila usione haya kuiandika pembeni.

Mzunguko wa fedha: hela inayoingia na kutoka kweli kweli. Unakumbuka ile ofisi iliyochukua sahani 50 ikalipa baada ya miezi miwili? Kwenye vitabu ulikuwa na faida, asubuhi yake ukakopa hela ya mafuta kwa jirani.

Wadaiwa na wadai: ile ofisi ni mdaiwa wako, muuza mkaa uliyemchukulia kwa mkopo ni mdai wako. Usiyachanganye.

Debiti na krediti: debiti kushoto, krediti kulia, basi. Usitafsiri kuwa nzuri na mbaya. Ukinunua mkaa kwa keshi, mkaa debiti 6,000, keshi krediti 6,000, pande mbili lazima zilingane. Mtindo huu Luca Pacioli, mtawa wa Kitaliano, aliuchapa kitabuni mwaka 1494, kwa hiyo ukikuumiza kichwa jua umewaumiza wengi kabla yako. Jumamosi nikija nitaleta daftari lenye mistari miwili, tuanze na mauzo yako ya Ijumaa.