Mada: Asali ya miombo, pendekezo la komande ndogo ya majaribio (kilo 40)

Lubumbashi, Jumatatu tarehe 16 Juni

Mheshimiwa Mama Ngoie,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba ulirudi Kolwezi salama. Mimi ni Kasongo wa asali, uliyezungumza naye Alhamisi alasiri kwenye meza yetu ya maonyesho, ukaonja asali nyeusi na ile ya rangi ya dhahabu, kisha ukaniuliza itakaa muda gani kwenye bidoni kabla ya kuanza kutoa povu. Siku nzima hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo. Nilikujibu kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wengi. Leo nataka kukujibu vizuri zaidi, na pamoja na jibu hilo kukuletea pendekezo la komande ya kwanza ambayo jiko lenu linaweza kuipima bila kampuni yenu kujifunga.

Ulinieleza kwamba asali mliyonunua mwaka jana kwa muuzaji mwingine ilichacha ikiwa depo, mfuniko ukavimba, na harufu ikawa ya pombe. Kwa dalili hizo, nadhani ilivunwa ikiwa bado mbichi, yaani kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, au iliongezewa maji baadaye. Chachu ya asili imo katika asali yoyote: hulala maji yakiwa machache, huamka yakizidi. Kanuni ya kimataifa ya Codex inakubali maji yasiyozidi asilimia 20. Sisi tumejiwekea mpaka wa 19, na kila bidoni hupimwa kwa refraktometa mbele ya mfuga nyuki mwenyewe kabla hajalipwa, jambo ambalo halikuwafurahisha wote mwanzoni, lakini sasa wamezoea kusubiri masega yazibwe. Bidoni ninayokutengea ni ya mavuno ya Mei kutoka vijiji vya upande wa Kasenga, na ilisoma asilimia 18.2. Namba hiyo nitaiandika kwenye kibandiko pamoja na tarehe ya kupimwa, ili mtu wenu wa ubora aweze kuipima upya na kunisahihisha akiona tofauti.

Kuna jambo la pili ambalo ni afadhali ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mpishi wako. Katika baridi hii ya Juni na Julai asali yetu huganda na kuwa na chembechembe, na mtu asiyeizoea husema mara moja kwamba ameuziwa sukari. Kuganda hutokana na glukosi iliyomo ndani ya asali yenyewe, wala si kasoro. Bidoni ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, kwa saa kadhaa, asali itarudi kuwa majimaji. Isiwekwe juu ya moto, kwa maana moto huua harufu yake. Kuhusu majaribio ya njiti ya kiberiti na ya tone ndani ya glasi ya maji, ambayo wageni kadhaa walinifanyia pale pale mezani, naomba jiko lenu lisiyategemee, kwa sababu hata shira nzito ya sukari inaweza kuyapita.

Sasa nije kwenye komande yenyewe. Napendekeza bidoni moja ya lita 20, ambayo kwa uzito wa asali ni kilo 28, kwa ajili ya mikate na keki, pamoja na chupa 24 za gramu 500 kwa ajili ya meza za kiamshakinywa kambini. Jumla ni kilo 40. Bei ya bidoni ni dola 7 kwa kilo, yaani dola 196, na kila chupa ni dola 5, yaani dola 120. Fakture nzima itakuwa dola 316, na usafiri hadi mlango wa depo yenu Kolwezi uko juu yetu kwa mara hii ya kwanza. Chupa ikivunjika katika kilomita zile takriban 300 za kupitia Likasi, hasara ni yetu. Mtahesabu zilizofika nzima na kulipa hizo tu.

Najua kwamba kwenye maonyesho uliniuliza bei ya kilo 500, na mfanyabiashara mwenye akili labda angesema ndiyo papo hapo. Ukweli ni kwamba leo tuna kilo 340 tu zilizopimwa, na ili kufikisha 500 ningelazimika kununua sokoni asali nisiyoijua ilikotoka. Mavuno makubwa yanayofuata ni ya Oktoba na Novemba, baada ya miti ya miombo kuchanua. Mkiridhika na kilo hizi 40, tutakaa pamoja mwezi wa Agosti, kabla wafuga nyuki hawajaahidi mavuno yao kwa wengine, na hapo nitaweza kukupa kiasi na bei ambavyo nitavisimamia.

Kuhusu malipo, siombi chochote mapema. Mtalipa nusu, yaani dola 158, mzigo utakapopokelewa, na nusu ya pili baada ya siku 30, ambazo ndizo muda wa majaribio. Ndani ya siku hizo, bidoni ikitoa povu au kuchacha ikiwa imefunikwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu, nitakuja kuichukua mwenyewe na kurudisha pesa yake yote, hata kama mmekwisha kutumia sehemu. Ningeomba jambo moja tu: mpishi wenu wa mikate aandike kilo anazotumia kwa wiki na malalamiko yoyote ya walaji, kwa sababu takwimu hizo zitatusaidia sote wawili kuliko maneno yangu ya sifa.

Upande wa karatasi, sampuli ya mavuno haya tumeipeleka OCC hapa Lubumbashi, lakini majibu bado hayajatoka. Ikiwa utaratibu wenu hauruhusu bidhaa kuingia depo bila cheti hicho, hata kwa majaribio, tafadhali niambie, nami nitasubiri kitoke kwanza badala ya kukuweka katika matatizo na wakubwa wako.

Gari letu linakwenda Kolwezi Jumanne tarehe 24 Juni, na baada ya hapo sitakuwa na safari nyingine hadi ipite sikukuu ya 30 Juni. Ukinitumia boni ya komande kabla ya Ijumaa tarehe 20 saa sita mchana, kwa kujibu barua hii au kwa namba niliyokuandikia nyuma ya kadi, mzigo utakuwa ndani ya gari hilo. Kama ungependa kubadilisha kiasi, kwa mfano chupa 12 badala ya 24, au asali nyeusi badala ya ile ya dhahabu ambayo niliona umeirudia kuonja mara ya pili, unieleze tu. Bei kwa kipimo haitabadilika.

Nakushukuru kwa muda ulioutoa kwetu, na nasubiri jibu lako.

Wako katika kazi,

Kasongo
Msimamizi wa mauzo, karakana ya asali
Komini ya Kampemba, Lubumbashi