Mahindi Uliyoyakausha Julai Yanakunywa Maji Desemba

Ndugu zangu mnaonifuatilia, hasa ninyi wa Uyole, Igawilo, Mbalizi, Tukuyu na Makambako ambao mna mahindi ndani hivi sasa, andiko langu kuhusu kupima ukavu wa mahindi kwa chupa na chumvi nalirudisha leo. Nililiandika mwezi Julai wa mwaka juzi, wakati wa mavuno, na najua wengi wenu mlilisoma. Nimeliweka mwishoni kabisa, neno kwa neno, kwa ajili ya waliojiunga baadaye. Ninyi mliolisoma, nawaomba msome sehemu hii ya juu, kwa kuwa inashughulika na swali ambalo lile andiko halikuligusa: mahindi yaliyokuwa makavu kweli siku yalipoingia ghalani huharibikaje ifikapo Februari?

Swali hilo nimeulizwa na akina mama watatu tangu mwaka uanze, na mimi mwenyewe lilinifika. Februari iliyopita nilipoteza magunia manne katika chumba ninachopanga Uyole kwa ajili ya kuhifadhia. Yalikuwa yamepita kipimo cha chupa mbele ya macho yangu. Nilipoingiza mkono katika gunia lililogusa ukuta nilikuta joto, joto la chakula kilichofunikwa, na harufu iliyokaribia ya kimea. Punje za chini zilikuwa zimeshikana donge moja, na nilipolivunja nikaona kijani cha ukungu katikati yake. Gunia la nne kutoka ukutani lilikuwa zima.

Punje ya hindi haiachi kubadilishana maji na hewa hata baada ya kukauka. Hewa ikiwa kavu, punje hutoa unyevu. Hewa ikilowa, punje huuvuta, taratibu, bila kuonekana, mpaka zilingane. Kwa joto la kawaida la chumba, mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5 yanatulia pale unyevu wa hewa unapokuwa kati ya asilimia 65 na 70 hivi. Fikirieni sasa hewa ya kwetu kuanzia mvua zinapokolea Desemba mpaka Aprili, ukungu unaposhuka asubuhi na nguo zikakaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Hewa inayozuia shati kukauka ndiyo hiyo hiyo inayoingia katika gunia la kawaida, kwa sababu gunia hilo limefumwa na linapitisha hewa kila upande.

Kuna njia nyingine mbili ambazo maji huingilia, na nyanda za juu tunazijua zaidi kuliko watu wa pwani. Ya kwanza ni sakafu na ukuta. Saruji ionekanayo kavu hupandisha unyevu wa ardhini, na gunia lililolazwa juu yake hulowa kwa chini huku juu likiwa safi. Ya pili ni bati. Mchana chumba hupata joto na hewa yake hubeba mvuke. Usiku baridi yetu ikilipoza bati, mvuke ule hugeuka matone upande wa ndani na kudondokea magunia ya juu. Ingieni ghalani saa kumi na mbili asubuhi mkiwa na tochi, mmulike dari. Mkiona matone yamejipanga kwenye mabonde ya bati, hapo hamna haja ya kutafuta mahali linapovuja, kwa kuwa huenda halivuji kabisa.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kabla mvua hazijashika, ni kuyainua na kuyahamisha. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, au magogo yaliyopangwa vizuri, hewa ipite chini yake, na kati yake na ukuta ibaki nafasi ya kutosha mtu kupita na ufagio, yaani nusu mita au zaidi. Kwa asiye na dari, turubai lifungwe juu ya magunia kama hema, lisiyaguse, ili matone yateremke pembeni. Chagueni siku ya jua, fungueni madirisha kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kisha yafungeni kabla baridi ya jioni haijaingia. Siku ya mvua yasifunguliwe, maana mtakuwa mnaikaribisha ile hewa tunayoikimbia.

Mara moja kila baada ya wiki mbili chukueni bambo, mchome gunia la chini, la katikati na la juu, mnuse, mpapase. Nasisitiza la chini kwa sababu ndilo tunaloliacha kwa uvivu wa kupangua.

Wenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na gunia nje, wamejikinga na hewa ya mvua na pia na dumuzi, kwa kuwa wadudu humaliza hewa iliyomo na kukosa pumzi. Lakini mfuko huo huhifadhi kile ulichokitia: ukitia mahindi yenye majimaji, umeyafungia maji ndani. Na ukiufungua kila wiki kuchota debe la ugali, umeurudisha kuwa gunia la kawaida.

Hapa ndipo ninapopaswa kurekebisha andiko langu la zamani. Niliandika kwamba chumvi isiposhika kwenye chupa, mahindi yako tayari kwa ghala. Hiyo haitoshi. Chupa inaonyesha kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 tu, ilhali ghala la miezi mingi linahitaji 13.5 au chini yake. Baada ya chupa kukubali, yaongezeeni siku mbili nzuri za jua. Najua wapo wanaohofia kupungukiwa uzito mizani ikifika, basi tufanye hesabu: gunia la kilo 100 lenye asilimia 15 likikaushwa hadi 13.5 linabaki na kilo 98.3. Mnapoteza kilo moja na robo tatu hivi za maji. Mimi nilipoteza magunia manne.

Mahindi yaliyoota ukungu yasipelekwe mashineni, wala wasipewe kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tusidhani baridi yetu inatukinga wakati gunia lenyewe limepata joto ndani.

Andiko la Julai ni hili:

«Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe safi na kavu kabisa. Anika chumvi juani saa tatu au nne mpaka ikauke, uihifadhi isipate hewa. Chota mahindi kutoka sehemu mbalimbali za turubai, siyo ya juu peke yake, ujaze theluthi ya chupa. Ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili hadi tatu, kisha iache itulie kwa robo saa. Tazama kioo. Chumvi ikishika pembeni, rudisha mahindi juani na upime tena kesho. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki cheupe, mahindi yako tayari kwa ghala.»

Sentensi ya mwisho sasa isomeni hivi: «yaongezee siku mbili za jua, ndipo uyapandishe kwenye chaga.»